Maziwa Yatatoka na Digrii Ngapi?

Kipozea maziwa cha pleti kilichokwisha kutumika kinauzwa. Kina fremu, boliti ndefu, pleti 32 za chuma cha pua zilizobanwa pamoja na gasketi kati yake, na midomo minne: miwili ya maziwa, miwili ya maji. Mnunuzi ana shamba la ng'ombe wa maziwa kwenye nyanda za juu za Nyandarua na kisima kirefu kinachotoa maji ya digrii 20. Swali lake ni moja tu: maziwa yangu yatatoka na digrii ngapi?

Muuzaji mkweli hawezi kumjibu papo hapo. Kibati kilichopigiliwa kwenye fremu kinaonyesha eneo la pleti na shinikizo ambalo gasketi zinaweza kuhimili, lakini hakisemi lolote kuhusu halijoto ya kutokea. Hakiwezi kusema, kwa sababu halijoto hiyo haimo ndani ya mashine. Itategemea maji ya mnunuzi, wingi wa maziwa yake na kasi ya pampu zake. Hata hivyo jibu linapatikana kwa kikokotoo na karatasi moja, kabla hata boliti haijafunguliwa. Mbinu yenyewe wahandisi huiita mbinu ya ufanisi na NTU, na tutaifuata hatua kwa hatua kwa mfano wa shamba hili la kubuni.

Kwanza tujue kinachotendeka ndani. Maziwa hupita katika nafasi nyembamba kati ya pleti mbili, maji katika nafasi inayofuata, maziwa tena, maji tena, hadi mwisho wa safu. Vimiminika hivi havigusani kamwe. Joto ndilo linalovuka chuma. Pleti ya kwanza na ya mwisho zina kimiminika upande mmoja tu, kwa hiyo hazihesabiwi. Kati ya pleti 32, zinazofanya kazi ni 30, na kila moja ikiwa na eneo la mita 0.1 za mraba, jumla ni mita 3 za mraba.

Upitishaji wa joto wa pleti hizo, kwa maziwa upande mmoja na maji upande mwingine zikiwa safi, tuuchukue kuwa wati 2,000 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti. Ni namba ya kawaida kwa kazi ya namna hii, na baadaye tutaona kitatokea nini ikiwa si sahihi. Ukizidisha 2,000 kwa 3 unapata wati 6,000, yaani kilowati 6 kwa kila digrii. Wahandisi huiandika UA. Hii ndiyo nguvu yote ya mashine ikifupishwa katika namba moja.

Sasa upande wa shamba. Maziwa yanafika yakiwa na digrii 35, lita 1,800 kwa saa. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, na kupoza kilo moja kwa digrii moja huondoa kilojuli 3.9 hivi. Ukipiga hesabu, mkondo wa maziwa hubeba karibu kilowati 2 kwa kila digrii inayoshuka. Maji yanakuja na digrii 20, lita 3,600 kwa saa, ambazo ni kilo moja kila sekunde. Mkondo huo hubeba kilowati 4.18 kwa kila digrii inayopanda.

Tunajua ukubwa wa mashine, tunajua yanayoingia pande zote mbili, na hatujui yanayotoka upande wowote.

Mwanafunzi wa ufundi aliyefundishwa vibadilisha joto kwa njia ya zamani atakimbilia wastani wa logi. Kanuni yake inasema joto linalovuka ni UA mara wastani wa tofauti za halijoto kati ya mikondo miwili, na wastani huo hupatikana kutokana na tofauti iliyopo kwenye ncha mbili za mashine. Kanuni hiyo ni kweli tupu, na kwa mtu anayebuni mashine mpya inafaa sana, maana yeye ndiye anayeamua maziwa yatoke na digrii ngapi, kisha anatafuta eneo la pleti. Kwetu mambo yamegeuka. Eneo tunalo, halijoto za kutokea hatuna, na kwenye kila ncha mojawapo ya namba mbili zinazohitajika ni ile ile tunayoitafuta.

Unaweza kubahatisha. Tuseme maziwa yatatoka na digrii 25. Yatakuwa yameshuka digrii 10 na kutoa kilowati 20, na maji yatakuwa yamepanda hadi 24.8. Tofauti kwenye ncha moja ni 10.2, kwenye nyingine ni 5, na wastani wa logi ni 7.3. Zidisha kwa UA: pleti zingepitisha kilowati 44. Hapo kuna ugomvi, kwa kuwa tulisema zimepita 20. Basi maziwa lazima yapoe zaidi. Jaribu 20.5: maziwa yametoa kilowati 29, maji yamefika 26.9, wastani umeanguka hadi 2.7, na pleti zingepitisha kilowati 16 tu. Sasa tumezidisha. Jibu liko mahali fulani katikati, na ukiendelea kubahatisha mara kadhaa utalifikia. Ila kesho mnunuzi akibadilisha pampu ya maji, unaanza upya. Na ukikosea ukabahatisha chini ya 20, kikokotoo kitakuandikia `Error`, kwa sababu logi ya namba hasi haipo.

Mbinu ya NTU inaanza na swali tofauti: mashine bora kuliko zote, yenye pleti zisizo na mwisho, ingefanya nini kwa mikondo hii hii?

Isingeweza kupoza maziwa chini ya digrii 20, maana hayo ndiyo maji tuliyo nayo. Isingeweza pia kupasha maji juu ya 35. Tofauti kubwa kabisa iliyopo ni digrii 15 kati ya maziwa yanayoingia na maji yanayoingia. Mkondo upi utaweza kuzitembea digrii hizo 15 zote? Ni ule unaobeba joto kidogo kwa kila digrii, kama vile ndoo ndogo inavyojaa kabla ya pipa. Maziwa yakishuka digrii 15 yanatoa kilowati 30, na kilowati 30 zikiingia kwenye maji zinayapandisha digrii 7 na kidogo tu. Kinyume chake hakiwezekani: maji yakipanda digrii 15 yangehitaji karibu kilowati 63, na maziwa hayana joto hilo bila kushuka chini ya halijoto ya maji yenyewe. Kwa hiyo dari yetu ni kilowati 30, yaani mkondo mdogo mara tofauti ya wanaoingia. Angalia vizuri: katika hesabu hii hakuna hata halijoto moja ya kutokea.

Ufanisi ni sehemu ya dari hiyo ambayo mashine yetu inaifikia kweli. Ikifikisha kilowati 15 kati ya 30, ufanisi ni 0.5. Haihusiani na umeme unaotumika wala joto linalopotea hewani. Ni uwiano kati ya kinachovuka na ambacho kingevuka kama pleti zisingekuwa na kikomo.

Na ufanisi wenyewe unategemea namba mbili tu ukishajua mpangilio wa mikondo. Namba ya kwanza ni NTU: UA gawanya kwa mkondo mdogo. Kwetu ni 6 gawanya kwa 2, sawa na 3. Isome hivi: kwa kila digrii ya maziwa inayohitaji kilowati 2, pleti zina uwezo mara tatu. Haina kizio, ni ukubwa wa mashine ukipimwa kwa kazi iliyopewa, wala si kwa mita za mraba. Pleti hizi hizi zikipewa maziwa kidogo zinakuwa mashine kubwa, zikipewa mengi zinakuwa mashine ndogo. Namba ya pili ni uwiano wa mkondo mdogo kwa mkubwa, 2 gawanya kwa 4.18, karibu 0.48. Tuiite Cr.

Kwa mikondo inayopita kinyume, maziwa yakienda kulia na maji kushoto, uhusiano ni huu:

```
E = exp(-NTU*(1 - Cr))
ufanisi = (1 - E) / (1 - Cr*E)
```

Kwenye kikokotoo cha shule kitufe ni `e^x`. Tatu mara 0.52 ni 1.56, `exp` ya -1.56 ni 0.21. Juu ya mstari tunabaki na 0.79, chini 0.90, na ufanisi ni 0.88. Mikondo miwili ikilingana kabisa, Cr ikawa 1, fomula hii inagawanya sifuri kwa sifuri, na badala yake unatumia NTU gawanya kwa (1 + NTU).

Yaliyobaki ni kuzidisha na kutoa. Asilimia 88 ya kilowati 30 ni 26.4. Maziwa yanashuka 26.4 gawanya kwa 2, digrii 13.2, yanatoka na 21.8. Maji yanapanda 26.4 gawanya kwa 4.18, digrii 6.3, yanatoka na 26.3. Ukitaka kuhakikisha, rudi kwenye wastani wa logi sasa ukiwa na namba zote nne: ncha ni 8.7 na 1.8, wastani ni 4.4 hivi, mara 6 ni kilowati 26 na kitu. Njia mbili zimekutana. Mbinu ya NTU haina fizikia mpya. Ni kanuni ile ile ya zamani iliyopangwa upya ili yasiyojulikana yakae upande mmoja.

Mpangilio huo ulipewa sura yake na A. L. London na R. A. Seban wa California katika andiko la mwaka 1942, ambalo lilikaa hadi 1980 ndipo likachapishwa kwenye jarida. Lakini kufikia hapo lilikuwa limeshaenea, kwa sababu W. M. Kays na London waliliweka kwenye kitabu chao cha 1955, pamoja na michoro ya ufanisi kwa mipangilio ya kila namna. Mikondo mtambuka ya rejeta ya gari ina fomula yake, mabomba ndani ya ngoma ina yake. Kinachobadilika ni fomula ya ufanisi tu. Hatua zingine zote zinabaki kama tulivyozifanya.

Jambo la kwanza ambalo mbinu hii inakupa bure ni kwamba halijoto za kuingia hazimo kwenye fomula ya ufanisi. Tuseme mashine hii hii, yenye mtiririko ule ule, inapelekwa shamba la pwani karibu na Tanga, ambako maji ya kisima tuyachukue kuwa na digrii 27. Huhitaji kuanza upya. Ufanisi bado ni 0.88, ila tofauti ya wanaoingia imepungua kutoka 15 hadi 8. Maziwa yanashuka 0.88 mara 8, digrii 7, na kutoka na 28. Kwa aliye pwani hiyo ni habari mbaya, na hakuna pleti za kuongeza zitakazomwokoa: dari yenyewe imeshuka.

Jambo la pili ni maji. Mnunuzi wa Nyandarua akiona 21.8 anaweza kusema, basi niongeze pampu, nimwage maji mara mbili. Cr inakuwa 0.24, ufanisi unapanda hadi 0.92, na maziwa yanatoka na digrii 21.2. Lita 3,600 za ziada kila saa, pamoja na umeme wa kuzivuta kutoka kisimani, zimemnunulia takriban nusu digrii. Kusema kweli atapata zaidi kidogo, kwa sababu maji yakienda kasi pleti hupitisha joto vizuri zaidi na UA hupanda. Lakini hawezi kuvuka 20, na tayari yuko karibu nayo. Mimi nisingenunua pampu hiyo.

Kuongeza pleti nako kuna mtego wake. Ukiongeza pleti 30 kwenye fremu ile ile, eneo linakuwa mara mbili na unaweza kudhani NTU imekuwa 6. Ila mtiririko sasa umegawanyika kwenye nafasi nyingi zaidi, kila nafasi inapata nusu ya kasi, na kimiminika kinachotembea polepole hakibebi joto vizuri kutoka kwenye chuma. Upitishaji unaweza kushuka hadi karibu theluthi mbili ya ulivyokuwa. NTU inaishia karibu na 4 badala ya 6, na maziwa yanatoka na digrii 21 na kidogo. Mafundi wa vipozea hulitatua hili kwa kupanga pleti ili kimiminika kipite mara mbili au tatu badala ya mara moja, na hapo kasi inabaki, lakini shinikizo linalohitajika linapanda na baadhi ya nafasi hazina tena mikondo kinyume safi. Fomula yetu ni ya mpangilio wa mara moja pande zote mbili.

Namba ya upitishaji tuliyoiazima, wati 2,000, je, ikiwa kwa kweli ni 1,500? Hilo ni kosa la robo nzima. UA inakuwa 4.5, NTU 2.25, ufanisi 0.81, na maziwa yanatoka na 22.8. Kosa la robo kwenye mashine limekuwa digrii moja kwenye tangi. Kwa mtu anayetabiri hii ni raha: karibu na dari, mstari wa ufanisi umelala, na makosa ya kukadiria hayakuangushi. Kwa mtu anayetafuta ugonjwa wa mashine, raha hiyo hiyo ni balaa, na hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika.

Fikiria miezi imepita. Kipimajoto kwenye mdomo wa kutokea maziwa, kilichokuwa kikisoma 21.8, sasa kinasoma 24. Digrii mbili tu, watasema, tangi la friji litamalizia. Hebu tugeuze fomula:

```
NTU = ln((1 - ufanisi*Cr)/(1 - ufanisi)) / (1 - Cr)
```

Maziwa yameshuka 11 kati ya 15, ufanisi ni 0.73. Fomula inatoa NTU ya 1.7, na UA ni kilowati 3.4 badala ya 6. Digrii mbili zile zinaficha mashine iliyopoteza zaidi ya asilimia 40 ya nguvu zake. Kinachoshukiwa kwanza ni ukoko: protini na madini ya maziwa upande mmoja, chokaa ya maji ya kisima upande mwingine. Sabuni ya alkali huondoa mafuta na protini, asidi huondoa madini, na ukitumia moja bila nyingine unaacha nusu ya tatizo.

Ila hesabu hiyo ilidhani maji bado ni lita 3,600. Kabla ya kufungua boliti, pima maji yanayotoka. Ikiwa ni ukoko tu, kilowati 22 zilizotoka kwenye maziwa zimeingia kwenye mkondo mzima wa maji, na maji yatatoka na digrii 25.3. Ikiwa unasoma 30, hadithi ni nyingine kabisa. Maji yamepanda digrii 10 kwa kilowati 22, kwa hiyo mkondo hubeba 2.2 tu kwa digrii, yaani lita 1,900 hivi kwa saa. Chujio limeziba au pampu imechoka. Umepima mtiririko bila kuwa na mita. Rudisha namba hizo kwenye fomula, Cr ikiwa 0.91, na NTU inatoka karibu 2.45. UA ni 4.9, na upungufu kutoka 6 unaelezeka kwa maji kwenda polepole. Pleti hazina neno. Maziwa ya digrii 24 ni yale yale katika visa vyote viwili. Maji ndiyo yanayosema ukweli, na ndiyo ambayo watu hawawekei kipimajoto.

Kisa cha tatu huonekana siku ya kwanza, baada ya kufunga. Mabomba ya maji yameunganishwa mdomo usio wake, na sasa maji yanakwenda upande mmoja na maziwa badala ya kinyume. Hakuna kinachovuja, hakuna kelele, maziwa yanapoa. Fomula ya mikondo sambamba ni:

```
ufanisi = (1 - exp(-NTU*(1 + Cr))) / (1 + Cr)
```

Kwa NTU ile ile ya 3, ufanisi ni 0.67. Maziwa yanatoka na digrii 25 na maji 24.8. Alama yake ni hiyo: mikondo miwili inatoka ikiwa karibu sawa, kwa sababu imetembea pamoja mpaka ikachoka kupeana. Katika mpangilio ulio sawa, maji hutoka na 26.3, moto kuliko maziwa yanayotoka na 21.8. Watu wengine wakiona hivyo hudhani kipimajoto kimeharibika, eti kipoezi kinawezaje kutoka moto kuliko kilichopozwa? Kinaweza, kwa kuwa mahali maji yanapotokea ndipo maziwa ya digrii 35 yanapoingilia. Ukiona namba hizo zimepishana hivyo, furahi.

Vipimajoto vyenyewe vina kikomo cha kuaminika. Kosa la nusu digrii kwenye maziwa yanayotoka, likiwa juu au chini ya 21.8, linasogeza NTU inayohesabiwa kutoka 2.6 hadi 3.6. Ni mstari ule ule uliolala, sasa ukisomwa kinyume. Kwa hiyo mashine ikiwa safi na kubwa, usijaribu kusoma UA yake kwa kipimajoto cha bei rahisi kilichofungwa kwa utepe juu ya bomba. Njia ya kujisaidia ni kuongeza maziwa kwa muda mfupi wakati wa kupima, ili NTU ishuke na vipimo vitoke kwenye sehemu ya mstari yenye mteremko. Pia subiri vipimo vitulie. Fomula zote hizi ni za mtiririko usiobadilika, ilhali kwenye mashamba mengi pampu ya maziwa huwaka na kuzima kadiri chombo cha kupokelea kinavyojaa. Wakati imewaka, maziwa yanaweza kupita kwa kasi mara mbili ya wastani, na NTU ni nusu ya ile uliyoihesabu kwa wastani wa saa. Shamba la namna hiyo lihesabiwe kwa kasi ya pampu ikiwa inafanya kazi, si kwa lita za siku.

Mnunuzi wetu basi anapata jibu lake: digrii 21.8 pleti zikiwa safi, karibu 23 ikiwa muuzaji ametia chumvi. Kwa kuwa maziwa mabichi yanatakiwa kuhifadhiwa kwenye digrii 4, kazi yote kutoka 35 ni kilowati 62 wakati maziwa yanapita. Maji ya kisima yanabeba 26.4 kati ya hizo, na mtambo wa friji unabakiwa na 35.6. Mwenzake wa Tanga, kwa mashine ile ile, anabakiwa na 48. Bei ya kipozea inaweza kulinganishwa na bei ya friji ndogo zaidi ambayo wa Nyandarua ataweza kununua, na maji ya digrii 26.3 yanayotoka yakaelekezwa kwenye mahori ya kunyweshea ng'ombe badala ya mtaroni.